"Lakini ni Kweli, Mwalimu!": Mwongozo Kamili wa Kujibu Maswali ya "Ipi Si Sahihi"

Jioni moja hapa Ngamiani, Tanga, binti mmoja wa darasa la saba alinirudishia karatasi yake ya jaribio akiwa amenuna. Swali la 12 alikuwa amekosa, na hakukubali.

"Mwalimu, kwani nyangumi si hunyonyesha?"

"Hunyonyesha, mwanangu."

"Sasa mbona umenikosesha?"

"Kwa sababu hunyonyesha."

Swali lenyewe lilikuwa hili, na tutalitumia mpaka mwisho wa mwongozo:

12. Kati ya sentensi zifuatazo, ni ipi isiyo sahihi kuhusu wanyama?
A. Nyangumi hunyonyesha watoto wake.
B. Popo hatagi mayai.
C. Silikanti ni samaki.
D. Mamba ni mamalia kwa kuwa huwalinda watoto wake.
E. Pomboo hapumui kwa matamvua.

Binti alichagua A. Wenzake kadhaa walichagua B. Jibu ni D, na karibu wote waliokosa walilijua vizuri tu nilipowauliza kwa mdomo kama mamba ni mamalia. Kwa hiyo sayansi walikuwa nayo. Kilichowaponza ni namna ya kulisoma swali, na kosa hilo nimelisahihisha mara nyingi kiasi kwamba nimeona bora niliandike hatua kwa hatua.

## Vitu vya kuandaa

Tafuta karatasi za mitihani iliyopita zenye maswali ya kuchagua, za masomo mawili au matatu tofauti. Sayansi, Uraia na Maarifa ya Jamii ndizo zenye maswali ya namna hii kwa wingi. Hisabati haina sana.

Uwe na penseli mbili zilizochongwa, kifutio, na kalamu nyekundu ya kusahihishia baadaye. Ongeza kipande cha karatasi ngumu chenye upana wa kiganja cha kufunikia majibu. Mimi hukata kadi za harusi zilizokwisha kazi, na watoto wa Tanga hawakosi kadi za harusi nyumbani. Kadi hiyo ni ya mazoezi tu, usiingie nayo kwenye chumba cha mtihani. Huko utafunika kwa kiganja.

Alama zote ninazoelekeza hapa huandikwa kwenye karatasi ya maswali, pale ambapo maelekezo hayakatazi. Fomu ya kujibia haiguswi mpaka hatua ya mwisho, kwa kuwa doa la penseli lililokaa pasipo pake linaweza kusomwa kama jibu.

## Hatua ya 1: Winda ukanushi kwenye shina la swali

Shina ni ile sehemu ya juu ya swali, kabla ya A. Lisome kwa ncha ya penseli, neno baada ya neno, huku majibu yakiwa yamefunikwa.

Sababu ya kufunika ni hii: jicho la mtoto aliyezoea mtihani huruka haraka kwenda kwenye majibu, na likikutana na sentensi ya kweli linatulia hapo. Binti wangu aliiona A, akaijua, akafurahi. Hakufika hata B.

Sababu ya kusoma kwa ncha ya penseli inatokana na lugha yetu. Kiswahili huficha ukanushi ndani ya neno, tena kwa silabi moja, na wakati mwingine tofauti nzima ni herufi moja. "Lipi ni sahihi" na "lipi si sahihi" zinapishana kwa n na s tu. Kwa mtu anayesoma mbio, hayo ni maneno mamoja. Baadhi ya watunzi hulikoleza neno la ukanushi kwa wino mzito au kwa herufi kubwa, na hiyo ni huruma yao, lakini "isiyo" ikiachwa kwa herufi za kawaida katikati ya sentensi, hakuna kitakachokushtua.

Ukanushi una maficho manne. La kwanza ni "si" au "siyo" iliyosimama peke yake. La pili ni "si" iliyomezwa na kitenzi au kirejeshi: isiyo, asiyetaga, yasiyoambukiza, wasiostahili. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu "yasiyoambukiza" na "yanayoambukiza" zinaanza na kuishia sawasawa. La tatu ni "ha" mwanzoni mwa kitenzi: haipakani, hazikui, haukuwa. La nne ni maneno yasiyo na "si" ya kuonekana wala "ha" lakini yana kazi ileile: kasoro, ila, bila. "Isipokuwa" naiweka hapa pia, maana ingawa ina "si" tumboni, watoto huisoma kama kitu kizima wasichokichambua, na mara nyingi inakaa mwisho kabisa wa shina, pale ambapo jicho limeshachoka.

Ukiupata, izungushie duara ile silabi yenyewe. Usipige mstari chini ya sentensi nzima, maana mstari mrefu haukuambii lolote.

Tahadhari: si kila "si" ni ukanushi. Asili, kasi, usiku na sisimizi hazikanushi kitu. Ukiwa na wasiwasi, jaribu kuibadilisha hiyo silabi uone kama maana inageuka. "Isiyo" ikibadilishwa inakuwa "iliyo", na maana inapinduka. "Asili" haipinduki popote.

Dalili ya mafanikio: kabla hujafunua majibu unaweza kumwambia aliye pembeni yako swali linataka nini, kwa maneno yako mwenyewe. Ukishindwa, rudia shina.

## Hatua ya 2: Livue shina ukanushi, kisha andika unachokitafuta

Ubongo hupata tabu kubeba "sio" huku unapima mambo matano. Mtoto anaanza na A akiwa anakumbuka kwamba anatafuta kosa, akifika C ameshasahau, anarudi kutafuta ukweli. Nimewaona wakifanya hivyo wakisema kwa sauti: A wanaikataa kwa kuwa ni kweli, B wanaikataa kwa kuwa ni kweli, na C wanaichagua kwa kuwa ni kweli.

Dawa ni kuutoa ukanushi kichwani na kuuweka kwenye karatasi. Andika herufi U, kubwa, pembeni ya namba ya swali. U ni Uongo, ndicho unachokitafuta. Swali la kawaida liandikie K, Kweli. Sasa unaweza kusahau "si", maana herufi inakumbuka kwa niaba yako.

Kisha lisome shina kana kwamba halina ukanushi. "Ni ipi isiyo sahihi kuhusu wanyama" inakuwa "ni sahihi kuhusu wanyama". Kila jibu utalipima kwa shina hilo lililovuliwa.

Hii inasaidia zaidi pale majibu yanapokuwa majina matupu. Chukua hili:

Magonjwa yafuatayo husababishwa na bakteria isipokuwa:
A. Kipindupindu
B. Kifua kikuu
C. Surua
D. Pepopunda
E. Homa ya matumbo

"Surua" peke yake si kweli wala uongo, ni jina. Lakini ukiunganisha na shina lililovuliwa unapata sentensi: "Surua husababishwa na bakteria." Hiyo sasa unaweza kuipima. Surua husababishwa na virusi, kwa hiyo sentensi ni ya uongo, ndiyo U yako.

## Hatua ya 3: Funua jibu moja moja, na kila moja lipe alama

Shusha kadi mpaka A ionekane peke yake. Andika K au U pembeni yake. Kama hujui, weka alama ya kuuliza, usibahatishe. Shusha mpaka B. Endelea mpaka E, hata kama unaamini umeshalipata jibu kwenye A.

Watoto hulalamika hapa kwamba muda utaisha. Ukishazoea, alama tano ni sekunde chache tu, na utaona kwenye hatua ya 5 kwa nini hatuwezi kuziacha.

Upime kila jibu lote, mpaka nukta ya mwisho. Mtunzi mzuri hatengenezi uongo wa wazi. Huchukua sentensi ya kweli akabadilisha kitu kimoja. "Reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi ilijengwa na Waingereza wakati wa ukoloni." Reli ipo, Tanga na Moshi ni kweli, wakati wa ukoloni ni kweli. Neno moja tu limeoza: walioijenga ni Wajerumani, wakianzia hapa Tanga mwaka 1893. Sentensi yenye tunda moja bovu inapata U yote, hakuna nusu.

Angalia pia "wote", "kamwe" na "pekee". "Samaki wote hutaga mayai" inasikika kama kweli, na samaki wa sokoni karibu wote watakubaliana nawe. Lakini silikanti, yule samaki wa kale anayenaswa mara mojamoja kwenye vina virefu vya bahari yetu hii ya Tanga, huzaa watoto hai. Mmoja tu anatosha kuiangusha "wote".

Dalili ya mafanikio: una safu ya alama tano pembeni ya A mpaka E, na hakuna herufi iliyobaki uchi.

## Hatua ya 4: Jibu lenye ukanushi wake lenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo walipopotea waliochagua B.

"Popo hatagi mayai." Shina lina ukanushi, na jibu nalo lina ukanushi. Mtoto akifika hapo hufanya mojawapo ya mambo mawili. Wa kwanza huvutwa na mfanano: swali linasema "isiyo", jibu linasema "hatagi", basi vimeendana. Huyo hakupima chochote, amelinganisha sura. Wa pili amesikia kwamba kanusho mbili huuana, basi anafuta zote mbili, anabaki na "popo hutaga mayai", anaona ni uongo, anachagua B kwa fahari.

Kanuni ni kwamba unavua ukanushi wa shina tu. Ukanushi wa jibu ni mali ya jibu, uache palepale. Sentensi ya kupima ni "Popo hatagi mayai" kama ilivyoandikwa. Ni kweli, kwa sababu popo ni mamalia, huzaa na kunyonyesha. Inapata K.

Ikikutatiza, ipitishe njia ya mlango wa nyuma. Jiulize kwanza swali lisilo na ukanushi: popo hutaga? La. Sentensi inasema hutaga au hatagi? Inasema hatagi. Imesema kama hali ilivyo, basi K.

Kuna mtego mwingine hapa, na huu tumeuleta wenyewe kutoka nyumbani. Mtu akikuuliza "Hujala?" nawe hujala, unajibu "Ndiyo", yaani ndiyo, sijala. "Ndiyo" yetu hukubaliana na maneno ya anayeuliza. Sasa mtoto akijiuliza kimoyomoyo "Popo hatagi?" anajibu "Ndiyo", halafu baada ya sekunde mbili hakumbuki ile "ndiyo" ilikuwa ya hatagi au ya hutaga. Ndiyo maana kwenye darasa langu nimepiga marufuku "ndiyo" na "hapana" wakati wa kupima majibu. Tunasema "kweli" au "uongo" kuhusu sentensi nzima. "Popo hatagi mayai: kweli." Haina pa kutelezea.

E ni vilevile. Pomboo hapumui kwa matamvua: kweli, ana mapafu, ndiyo maana tunamwona akiibuka kuvuta hewa. K.

Dalili ya mafanikio: unaweza kulipa jibu lenye "ha" au "si" alama ya K bila kusita, na ukaeleza kwa sentensi moja kwa nini.

## Hatua ya 5: Hesabu

Baada ya kupima, swali la 12 linaonekana hivi:

A. K
B. K
C. K
D. U
E. K

K nne, U moja. Juu, pembeni ya namba, umeandika U. Kilichoombwa kipo kimoja, jibu ni D.

Hesabu hii ndiyo kinga yako. Swali la majibu matano linalotaka kosa lazima litoe K nne na U moja. Swali la kawaida hutoa U nne na K moja. Ukikuta hesabu imekaa kinyume na herufi uliyoiandika juu, usiguse majibu. Rudi kwenye shina, kwa kuwa kuna silabi imekupita, au umezungushia duara "si" isiyokanusha.

Ukikuta K tatu na U mbili, basi tatizo liko kwenye jibu moja. Anza na lile lenye ukanushi wake lenyewe, maana huko ndiko alama hugeuka. Kama hakuna, tafuta kati ya zile U mbili ipi uliitoa kwa haraka. Huenda ulishuku neno usilolijua ukaliita uongo wakati lilistahili alama ya kuuliza.

Ukikuta K tatu, U moja na alama moja ya kuuliza, chagua U bila kusumbuka. K tatu na alama mbili za kuuliza maana yake unabahatisha kati ya mawili badala ya matano, na hapo ufundi wa kusoma umefika mwisho. Kama hujui surua inaletwa na nini, hakuna duara wala kadi itakayokuambia.

Hesabu hii iliwahi kuniumbua mimi mwenyewe. Niliandika jaribio kwa mkono, nikalipeleka kuchapishwa mjini, sikulipitia. Wakati wa jaribio kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, swali la 17 lina majibu manne." Nikamwambia asome vizuri. Akasema amesoma, hakuna duara la kuweka, na amepata K nne. Nikaichukua karatasi. Niliandika "lipi si sahihi", aliyechapa ameandika "lipi ni sahihi". Herufi moja. Wengine wote walikuwa wamechagua A na kusonga mbele.

## Hatua ya 6: Hamishia kwenye fomu

Kabla ya kuweka kivuli, angalia tena ile silabi uliyoizungushia duara na useme kwa moyo: "Natafuta uongo, D ni uongo." Kisha weka kivuli kwenye D, mstari wa 12.

Kosa la hapa ni dogo lakini lipo. Mtoto amefanya yote sawa, halafu anapohamisha, mkono unakwenda kwenye K kwa mazoea, kwa kuwa katika maswali mengine yote alikuwa akihamisha K. Hutokea zaidi kwa wanaosubiri kuhamisha majibu yote kwa mpigo dakika za mwisho. Kama umezoea kufanya hivyo, basi angalau maswali yenye U juu yahamishe palepale unapoyamaliza.

## Zoezi la wiki mbili

Chukua maswali kumi kwa siku, matano ya kawaida na matano yenye ukanushi, yaliyochanganywa. Yakiwa yote ya ukanushi mtoto huzoea kutafuta uongo tu na zoezi linakufa.

Siku tatu za mwanzo usijibu. Fanya hatua ya 1 na ya 2 peke yake: duara, kisha K au U pembeni ya namba. Mzazi asiye mwalimu anaweza kusimamia hili, halihitaji kujua sayansi. Mtoto akipatia kumi kati ya kumi kwa siku mbili mfululizo, mruhusu aendelee na hatua nyingine.

Jioni nyingine fanya mchezo wa kugeuza: msomee shina la kawaida, "mkoa upi unapakana na Mkoa wa Tanga", naye aligeuze kwa maficho matatu tofauti. "Mkoa upi haupakani", "mkoa upi usiopakana", "mikoa yote inapakana isipokuwa". Anayeweza kutengeneza mtego huutambua akiukuta. Halafu mpe Kilimanjaro, Manyara, Arusha, Morogoro na Pwani, aweke alama tano. Arusha ndiyo U.

Kila kosa liandike kwa kalamu nyekundu chini ya moja ya vichwa vitatu: sikuona ukanushi, niligeuza alama, sikujua somo. Daftari la yule binti wa nyangumi lilianza na kichwa cha kwanza kimejaa ukurasa na cha tatu kina mistari miwili. Wiki ya pili cha kwanza kilibaki kitupu, cha tatu kikaanza kurefuka, naye akaja kuniuliza kama bakteria na virusi ni kitu kimoja.